Aroon Up imeruka kutoka 0 hadi 72 na shaba iko inashuka, nani anielezee?

#1 KatubaShaba (Lubumbashi)
Jambo bandugu. Nafuata shaba ya Comex kwenye chati ya siku, ile indiketa ya Aroon nimeiweka buji 25. Buji iliyotangulia `Aroon Up` ilikuwa 0 na `Aroon Down` 88. Leo nafungua simu, Up iko 72! Nikasema shaba imepanda usiku nikiwa nimelala. Kuangalia bei, apana: buji mpya imefunga 4.56, chini ya ile ya nyuma yake. Hakuna kilele kipya, hakuna habari, hakuna kitu.

Nilivyofundishwa, Aroon inakuambia trendi iko na umri gani. Sasa hii trendi ya kupanda imezaliwa wapi wakati bei inashuka? Nataka jibu kabla sijaweka franga.

#2 BirereFX (Goma)
Broka. Kila siku nasema humu. Badilisha broka, ulale vizuri.

#3 MzeeKamalondo (Lubumbashi)
BirereFX, kwako hata mvua ikinyesha ni broka.

KatubaShaba, mdogo wangu, nipe vitu viwili tu. Kilele kikubwa cha mwisho unachokiona kwenye chati kiko buji ngapi nyuma? Na ukikifunika na kidole, kilele kinachofuata kwa ukubwa kiko buji ngapi nyuma?

#4 KatubaShaba
Mzee, nimehesabu mara mbili. Kilele kikubwa ni 4.94, kiko buji 26 nyuma. Nikikifunika, kinachobaki juu ni 4.71, buji 7 nyuma. Bonde la chini kabisa ni 4.43, buji 4 nyuma.

#5 MzeeKamalondo
Basi jibu umeliandika wewe mwenyewe.

Aroon ya 25 inatazama buji ya leo na 25 za nyuma yake, haitazami zaidi. Buji iliyotangulia, ile 4.94 ilikuwa ya 25 nyuma, bado iko ndani kwenye ukingo. Indiketa ikahesabu 25 kutoa 25, gawa kwa 25, ukaona 0. Leo 4.94 imekuwa ya 26, imetoka nje. Aroon haina kumbukumbu yake tena. Inatafuta mkubwa kati ya waliobaki, inapata 4.71 ya buji 7 nyuma. 25 kutoa 7 ni 18, gawa kwa 25, mara 100: 72 yako hiyo.

Ni kama darasani. Mtoto wa kwanza amehamia Likasi, wa pili ameitwa wa kwanza. Hakuongeza hata pointi moja.

Down nayo imetembea kawaida. Bonde lilikuwa buji 3 nyuma ukaona 88, sasa ni 4 nyuma, utaona 84. Ukitumia ile oksileta ya kutoa Up na Down, imetoka −88 ikafika −12 kwa buji moja. Mtu asiyejua atasema wauzaji wameishiwa nguvu usiku mmoja. Sokoni hakuna aliyefanya kitu.

#6 KatubaShaba
Aksanti sana Mzee. Sasa nitajuaje mruko wa kweli na huu wa kuhama darasa? Siwezi kuhesabu na kidole kila asubuhi.

#7 MzeeKamalondo
Hauhitaji kidole. Angalia imerukia wapi.

Up ya 25 kila buji inashuka hatua moja ya 4: 100, 96, 92, 88, inaendelea hivyo. Kupanda haiwezi, ila kwa njia mbili. Ya kwanza, buji ya leo imefanya kilele kipya: hapo inaenda 100 moja kwa moja, haisimami njiani. Ya pili, kilele cha zamani kimetoka ukingoni na cha ndani kimepewa cheo: hapo inaweza kutua popote, 72, 40, 88. Kwa hiyo ukiona Up imepanda na haikufika 100, ujue ni kalenda imetembea, bei haikuhusika.

Sheria hiyo hiyo kwa Down.

#8 BirereFX
Kumbe indiketa inadanganya na mnaisifu. Mimi niliifuta zamani, natumia macho.

#9 MwalimuIbanda (Bukavu)
Samahani Mzee, hesabu yako ni sahihi kabisa ila hitimisho nalikataa nusu. Unasema bei haikuhusika. Chukua bei inayoshuka vizuri, kila buji kilele chake kiko chini ya cha jana. Buji ya 26 ikitoka, mkubwa anayefuata ni ile ya 25, ya ukingoni tena. Up inabaki 0. Kesho 0, kesho kutwa 0. Hakuna mruko.

Mruko unatokea kama baada ya kile kilele bei ilianguka haraka halafu ikaanza kutembea pembeni. Kwa ndugu KatubaShaba ndivyo ilivyokuwa: ilianguka kutoka 4.94, na kwa muda sasa inazunguka kati ya 4.43 na 4.71. Kwa hiyo 72 haimdanganyi. Inamwambia kwamba ule mwanguko umeshakuwa wa zamani, na ndani ya buji hizi soko halina mwelekeo. Up 72 na Down 84, zote ziko juu pamoja: kilele na bonde vyote vya karibuni. Huo ni mvutano, wala si trendi ya kupanda.

#10 MzeeKamalondo
Mwalimu, mvutano ulianza mapema. Aroon imeugundua leo juu tu ya tarehe. Kama angeweka 20 ingeugundua buji tano kabla, angeweka 30 ingengoja tano zaidi. Habari inayokuja kulingana na namba niliyochagua mimi, naiita habari ya namba yangu.

#11 MwalimuIbanda
Kila indiketa yenye dirisha iko hivyo, Mzee. Hata wastani wa bei.

#12 PetiKenya (Lubumbashi)
Jambo wakubwa. Niko wa mtaa wa Kenya hapa hapa Lubumbashi, nchi haimo. Mimi nadhani mnazunguka swali. Aliuliza umri wa trendi. Ni rahisi: Up ikikaa 100 muda mrefu, trendi imezeeka, uza. Mimi njo natumia hivyo.

#13 DerevaKasumbalesa
PetiKenya, na umeuza ngapi zikaendelea kupanda? 😂

#14 PetiKenya
Hiyo haikuhusu yaya.

#15 MwalimuIbanda
PetiKenya una nusu. Up 100 maana yake ni moja: kilele kimefanyika leo. Trendi ya buji tatu inaonyesha 100, na trendi ya miezi sita nayo inaonyesha 100. Ukitazama namba peke yake huwezi kuzitofautisha. Aroon Up inapima upya wa kilele, haipimi umri wa safari.

Ila nusu yako nzuri ni pale uliposema kukaa. Kukaa juu ya mstari wa 70 kunasema kitu. Kwa 25, kilele cha buji 7 nyuma ni 72, cha buji 8 nyuma ni 68. Kwa hiyo Up ikibaki juu ya 70, trendi haijapitisha buji 7 bila kilele kipya. Hesabu umekaa juu hapo buji ngapi mfululizo, utapata aina ya umri. Lakini uzee peke yake si sababu ya kuuza. Kinachoonyesha uchovu ni Up kuanza kushuka ngazi, 4 kwa 4, bila kurudi 100.

Na angalia mpangilio wako. TradingView inakuja na 14 bila kuguswa, wengi hawajui. Kwa 14 mstari huo huo wa 70 unakupa buji 4 tu, ya 5 unaanguka hadi 64. Watu wanasoma ushauri ulioandikwa kwa 25, wanautumia kwenye 14, halafu wanalia trendi imekufa kila wiki.

#16 KatubaShaba
Kwa hiyo umri wa kweli hausomeki popote?

#17 MwalimuIbanda
Unasomeka, ila upande ambao watu hawatazami. Trendi ikipanda, soma Down. Tuseme Up inacheza 96 mpaka 100 na Down iko 36. 36 ya 25 ni 9, 25 kutoa 9 ni 16. Bonde la chini kabisa liko buji 16 nyuma. Kama safari ilianzia hapo, iko na umri wa buji 16.

Mpaka wake ni kwamba ikifika 25, saa inasimama. Mabonde yakiwa yanapanda, la chini kabisa siku zote ni la ukingoni, Down inakaa 0. Trendi ya buji 26 na ya buji 90 zinaonekana pacha.

#18 MzeeKamalondo
Na hapo "kama safari ilianzia hapo" njo iko na kazi yote. Bonde la chini kabisa linaweza kuwa mkia mrefu wa buji moja ya habari mbaya, na safari ikaanza baadaye sana. Tushar Chande alipoitoa hii Aroon mwaka 1995, alitaka kujua kama trendi inaanza au soko limelala. Kuijaribu kama cheti cha kuzaliwa ni sisi tumeongeza.

#19 MamaKadutu (Bukavu)
Hodi humu. Mimi sina chati, niko nabadilisha dola sokoni Kadutu. Mtoto wangu alinionyesha hii Aroon, nikaona ni kitu nafanya kwenye daftari tangu zamani: nahesabu siku tangu dola ilipokuwa juu kabisa na tangu ilipokuwa chini kabisa. Sasa shida yangu. Dola inaweza kukaa bei moja siku nyingi, haisogei hata franga kumi. Mtoto anaweka kwenye kompyuta, inamwambia Up 100 na Down 100 siku hiyo hiyo. Inapanda na kushuka pamoja? Nilicheka.

#20 KahawaKalehe
Mama, na kahawa mnaonaje, itapanda? Hii Aroon inasemaje? Wanunuzi wanatupangia bei wenyewe.

#21 MzeeKamalondo
Mama Kadutu, heshima yako. Daftari lako limegusa kitu ambacho humu hakuna aliyekigusa. Siku nyingi zikiwa na bei sawa, zote ni kilele na zote ni bonde. Programu lazima ichague moja. Ikichagua ya karibuni, kilele ni leo na bonde ni leo, unapata 100 na 100. Ikichagua ya zamani kabisa, unapata 0 na 0. Soko ni moja lililolala, majibu mawili yanayopingana. Yote mawili yanataka kusema hakuna kinachotembea, ila 100 inamtisha mtu.

Kwenye shaba haitokei sana, vilele viwili kulingana mpaka senti ya mwisho ni bahati. Kwa bei yako ya kuandikwa mara moja kwa siku itatokea kila wakati. Na wewe uko na bei moja kwa siku, hauna ya juu na ya chini, kwa hiyo daftari lako linapima siku zilizofungwa, halijui dola ilipanda mchana ikarudi jioni.

#22 MamaKadutu
Ya mchana naijua, nakuwa nimekaa pale. Daftari njo haijui. Na hiyo namba ya mtoto niifanye nini sasa?

#23 MwalimuIbanda
Mama, sheria moja inatosha: siku bei ikilingana na kilele, usiihesabu kama kilele kipya mpaka ipite. Utabaki na tarehe ya kwanza.

#24 MamaKadutu
Hapana mwalimu. Dola ikirudi kwenye bei ile ile ya juu, kwangu ni habari mpya, watu wanaanza tena kuja kununua. Tarehe ya mwisho njo naandika.

#25 MzeeKamalondo
Nakubali na mama. Kurudi baada ya kushuka ni tofauti na kukaa pale pale bila kusogea. Kompyuta haitofautishi.

#26 BirereFX
Sasa ngojeni. Nimefungua shaba kwenye MetaTrader yangu, Aroon ya kupakua, 25 vile vile. Kwangu Up leo ni 68, apana 72. Na ule mruko mnaouongelea kwangu ulitokea wiki iliyopita, kutoka 0 ukaenda 88. Kilele ni kile kile 4.94. Mtaniambia tena si broka?

#27 DerevaKasumbalesa
Hahaha, Birere amerudi na indiketa aliyoifuta zamani.

#28 MzeeKamalondo
Mwacheni, kaleta kitu. BirereFX, kwenye chati yako kuna buji ndogo ya siku ya Mungu?

#29 BirereFX
Ziko, fupi fupi hivi. Nilidhani ni uchafu.

#30 MzeeKamalondo
Njo hiyo. Comex inafungua jumapili jioni ya New York, kwetu ni usiku wa manane kuelekea jumatatu. Broka ambaye saa yake ni ya Greenwich anakata buji kwenye usiku wa manane wa Greenwich, kwa hiyo yale masaa mawili ya kwanza, au lile moja wakati wa baridi, yanapewa buji yao, jumapili. Wiki yako ina buji sita. KatubaShaba wiki yake ina tano.

Fuata sasa. Kati ya leo na 4.71, yeye anahesabu buji 7, wewe una jumapili moja katikati, unahesabu 8. 25 kutoa 8 ni 17, unapata 68. Na kati ya leo na 4.94, yeye ana 26, wewe una jumapili tano za kuongeza, 31. Kwako kilitoka dirishani buji tano zilizopita, wakati 4.71 ilikuwa buji 3 nyuma. 25 kutoa 3 ni 22. 88 yako hiyo.

#31 BirereFX
Kwa hiyo ni broka.

#32 MzeeKamalondo
...Ni saa ya broka.

#33 BirereFX
Nimesema nini mimi tangu #2?

#34 PetiKenya
😂😂 Mzee, kubali tu.

#35 MwalimuIbanda
Kabla BirereFX hajavikwa taji: indiketa za kupakua nyingine zinahesabu buji 25 pamoja na ya leo, badala ya 25 za nyuma pamoja na ya leo. Hizo haziwezi kufika 0 kabisa, chini yake ni 4. Kwako ilifika 0, kwa hiyo yako ni nzima. Lakini anayeona namba zimepishana aangalie hilo pia. Kwenye TradingView mstari wenyewe uko hivi:

```
n = 25
up = 100 * (ta.highestbars(high, n + 1) + n) / n
dn = 100 * (ta.lowestbars(low, n + 1) + n) / n
```

Ile `n + 1` ndiyo ya kutazama. Ukikuta `n` peke yake, una ile nyingine.

#36 DerevaKasumbalesa
Mimi napeleka katodi mpaka mpakani, sifanyi biashara ya chati, ila naifuata juu tajiri akiona bei imeanguka analipa kwa kununa. Mnaongelea mruko, mmesahau tarehe 30 mwezi wa saba 2025? Washington ilitoa shaba safi kwenye ushuru wa asilimia 50, Comex ikaanguka zaidi ya asilimia 20 siku moja. London haikutikisika hivyo. Nilikuwa kwenye foleni ya malori, simu zote zilikuwa zinaongea hiyo.

#37 MwalimuIbanda
Dereva, mfano mzuri kuliko wetu wote. Vilele vya mwezi wa saba vilibaki juu kama mlima, bei ikatembea pembeni chini yake mwezi wote wa nane. Fungua Comex, weka 25, nenda mwanzo wa mwezi wa tisa, pale tarehe 30 inapotoka ukingoni. Utaona Up inanyanyuka kutoka sakafuni. Halafu weka chati ya London karibu yake, tarehe hizo hizo. Chuma ni kile kile, Aroon mbili tofauti.

#38 MzeeKamalondo
Na pale mwalimu, ile Up iliyoshuka mwezi mzima mpaka 0 ilikuwa inasema nini? Kwamba kuna trendi ya kushuka? Bei ilishuka siku moja tu.

#39 MwalimuIbanda
Ilisema kilele ni cha zamani, na ilikuwa kweli.

#40 MzeeKamalondo
Haya. Tutakesha.

#41 KatubaShaba
Bandugu nimesoma yote. Kwa leo sinunui: Up haikufika 100, na zote mbili ziko juu. Nangoja 4.71 ivunjwe au 4.43, moja kati ya hizo. Lakini nauliza tena, niongeze iwe 50 ili isirukeruke?

#42 PetiKenya
Weka 14 yaya, inaamka haraka.

#43 MwalimuIbanda
50 itaruka mara chache, ila hatua yake inakuwa 2, na ile 4.94 itakaa kwenye Up yako mwezi mwingine mzima, ikishuka polepole mpaka 0 mwishoni. Utakuwa umechelewesha mruko, haujauondoa.

#44 MzeeKamalondo
Baki na 25 na ile sheria ya 100. Ila kilele kile cha 4.94, kilikuwa mkia wa buji au mwili? Kama ilifika pale dakika chache ikarudi, mimi ningepima kwa bei ya kufunga, nisahau hicho kilele.

#45 KatubaShaba
Mkia mtupu. Ilifunga 4.78.

#46 MwalimuIbanda
Mh. 4.78 bado iko juu ya 4.71, kwa hiyo hata kwa bei ya kufunga ingekuwa buji ile ile labda. Tuma bei za kufunga za siku zinazoizunguka.

#47 KatubaShaba
Mega zinakaribia kuisha, nikipata forfe natuma.

#48 KahawaKalehe
Na kahawa jamani?

#49 DerevaKasumbalesa
Kahawa fungua uzi wako ndugu, hapa ni shaba. Lakini kama una gunia la kwenda Lubumbashi tuongee bei.